Ulikaa Wapi, na Nani Alikukatalia?

Mwanafunzi wa uzamili amemaliza kuwasilisha. Ameonyesha picha za kijiji alikokaa kwa miezi kadhaa, ameeleza jinsi mashamba yanavyorithiwa, na amenukuu maneno ya wazee watatu. Mwenyekiti wa kikao anawakaribisha wasikilizaji kuuliza. Katika idara yoyote inayofundisha anthropolojia, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Leiden, kuna maswali mawili ambayo huwa hayachelewi. La kwanza: wewe ulikuwa nani machoni pa watu hao? La pili: haya uliyotueleza, uliyahakikishaje na wenyewe?

Mara nyingi majibu huwa mafupi. Kwa la kwanza mtafiti husema alikuwa mgeni, akapokelewa vizuri, na kadiri siku zilivyopita watu wakamzoea. Kwa la pili husema kabla ya kuondoka aliwarudia wazee, akawasomea alichoandika, nao wakakubali kwamba ndivyo ilivyo. Ukumbi hutikisa kichwa, na kikao huendelea na mada nyingine.

Jibu hilo la pili ndilo linalopaswa kumshtua msikilizaji. Mzee aliyesomewa kurasa na mgeni aliyeletwa na serikali, mgeni anayempenda na pengine aliyemletea dawa, ana sababu kumi za kusema ndiyo, na ukweli wa kilichoandikwa ni mojawapo tu kati ya hizo. Maana yake ni kwamba maswali hayo mawili hayatenganishiki. Bila kujua mtafiti alikaa upande gani wa watu, huwezi kupima uzito wa kukubaliwa kwake. Hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko kile cha Wadogon wa Mali na Mfaransa Marcel Griaule, na kinastahili kusimuliwa kwa kirefu.

Wadogon ni wakulima wanaoishi kwenye majabali ya Bandiagara, katikati ya Mali, nchi ambayo wakati huo iliitwa Sudani ya Kifaransa. Griaule alifika kwao mara ya kwanza mwaka 1931. Alikuwa ametumikia jeshi la anga, na sasa alikuwa kiongozi wa msafara mkubwa wa kisayansi uliovuka Afrika kutoka Dakar hadi Djibouti. Msafara huo ulipewa nguvu na sheria maalumu iliyopitishwa na bunge la Ufaransa, na kazi yake mojawapo ilikuwa kukusanya vitu vya makumbusho. Ulirudi Paris mwaka 1933 na vitu zaidi ya 3,000.

Namna baadhi ya vitu hivyo vilivyopatikana tunaijua, kwa sababu katibu wa msafara, mwandishi Michel Leiris, aliandika shajara na kuichapisha mwaka 1934. Anasimulia jinsi, kabla ya kufika kwa Wadogon, walivyoingia katika vijiji vya Wabambara, wakadai vitu vitakatifu vya chama cha siri kiitwacho Kono, wakatisha kuwaita polisi, kisha wakaviondoa kwa nguvu na kuacha faranga 10. Watu walitazama kwa hofu. Griaule mwenyewe hakuwa afisa wa serikali, lakini mwanakijiji aliyekuwa akimwona anapita na magari, wapagazi na barua za gavana hakuwa na namna ya kumtofautisha na afisa.

Hiyo ndiyo nafasi ya mtazamaji, na hapa ndipo wasikilizaji wengi hukosea wanapouliza swali la kwanza. Hudhani linahusu hisia: je, mtafiti alikuwa na upendeleo, alikuwa mnyenyekevu, aliwapenda watu? Griaule aliwapenda Wadogon kwa dhati. Alirudi kwao mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini. Alisaidia kupatikana kwa bwawa huko Sanga lililowawezesha kulima vitunguu, zao linalowaingizia fedha hadi leo. Alipofariki mwaka 1956, Wadogon walimfanyia matanga ya heshima kama ndugu yao. Kwa hiyo mapenzi hayakupungua. Nafasi ni jambo jingine: ni mahali watu wanapokuweka wao, na kile wanachoweza kupata au kupoteza wanapozungumza nawe. Mtu aliyekuletea bwawa humkatalii kirahisi.

Katika maandishi yake kuhusu mbinu za utafiti, Griaule alimfananisha mtafiti na hakimu anayechunguza kesi. Mtoa taarifa ni shahidi, na shahidi huficha mambo. Basi mtafiti amkabili, amrudie, amlinganishe na mwenzake, amshike pale maneno yake yanapopingana. Sherehe ikifanyika, watazamaji kadhaa wagawane sehemu za kusimama ili kila mmoja aandike anachokiona, kisha maandishi yao yaunganishwe. Mbinu hiyo ina nguvu zake, na kwa mambo yanayoonekana kwa macho, kama mpangilio wa wacheza ngoma za vinyago, ilitoa maelezo ya kina ambayo hayajapitwa. Lakini kwa mambo yaliyomo vichwani mwa watu ina hatari moja kubwa. Mtu anayebanwa mpaka atoe jibu, atalitoa.

Mwaka 1946 mambo yalibadilika. Mzee mmoja kipofu, Ogotemmêli, mwindaji wa zamani aliyepoteza macho kwa ajali ya bunduki, alimwita Griaule. Wakakaa kwenye ua wa mzee huyo kwa siku 33. Griaule aliuliza kwa msaada wa mkalimani, mzee akasimulia asili ya ulimwengu: Mungu mmoja, ardhi, viumbe pacha wa maji waitwao Nommo, neno lililosukwa kama nguo, ghala lenye umbo la ulimwengu mzima. Kitabu kilitoka Paris mwaka 1948 na kikawagusa wasomaji wengi, kwa sababu kilisema kwa sauti kubwa kwamba Waafrika wana falsafa iliyopangika sawa na ya Wagiriki wa kale. Katika enzi ya ukoloni, hilo lilikuwa tamko la kishujaa, na ni haki Griaule akumbukwe kwa hilo.

Kutoka hapo aliingia ndani zaidi. Yeye na mwenzake Germaine Dieterlen walichapisha mwaka 1950 makala yaliyosema kwamba Wadogon wanajua nyota Sirius ina mwenza mdogo asiyeonekana kwa macho, mzito kupita kiasi, anayeizunguka kwa muda wa miaka 50. Wanaastronomia waliuona mwenza huyo kwa darubini mwaka 1862, na katika miaka ya 1920 uzito wake wa ajabu ulikuwa habari kubwa Ulaya. Wadogon walijuaje? Swali hilo lilizaa hadithi zake lenyewe. Mwaka 1976 kikatoka kitabu kilichodai kwamba walifundishwa na viumbe waliokuja kutoka angani, nacho kikasomwa na watu wengi kuliko makala yote ya Griaule.

Sasa tulete lile swali la pili: yalihakikishwaje? Griaule alikuwa na jibu. Maarifa haya, alisema, ni ya ngazi ya juu. Mdogon wa kawaida hujua maelezo ya nje, na ni wachache tu waliofundishwa hatua kwa hatua ndio hujua ya ndani. Yeye alifundishwa kwa sababu wazee waliona amestahili. Ukilitazama vizuri, jibu hili linafunga kila mlango. Mwanakijiji akisema halijui jambo hilo, basi hajafundishwa. Akisema analijua, basi yamethibitika. Hakuna jibu ambalo mtu yeyote wa Sanga angeweza kulitoa likaonyesha kwamba kitabu kimekosea.

Mholanzi Walter van Beek alianza kufanya utafiti kwa Wadogon mwishoni mwa miaka ya 1970, katika kijiji cha Tireli kilicho chini ya majabali hayohayo. Alikuwa ameshafanya kazi miaka kadhaa kwa Wakapsiki wa Kameruni, kwa hiyo hakuwa mgeni wa utafiti wa vijijini. Alijifunza lugha, akaishi hapo na familia yake, akafuata kilimo, matambiko na mazungumzo ya kila siku. Alikwenda akitarajia kuukuta ulimwengu wa Ogotemmêli. Hakuukuta. Mwaka 1991 alichapisha matokeo yake katika jarida la kimataifa la anthropolojia, na makala hayo yakawa uwasilishaji mkali kuliko wote kuhusu jinsi ya kuhakiki kazi ya mtangulizi.

Alichofanya kinastahili kuelezwa, maana ndicho kiini cha swali la pili. Kwanza, hakuanza kwa kuuliza kuhusu kitabu. Alisikiliza kwa miaka watu wanasema nini wanapotambika, wanapozika, wanapogombana, wanapoeleza ugonjwa. Kama hadithi kuu ya uumbaji ndiyo msingi wa maisha yao, aliwaza, ingejitokeza mahali fulani bila kuitwa: katika dua, katika methali, katika ubishi wa wazee. Haikujitokeza. Nommo alimsikia, lakini kama jini la maji la kuogopwa, linalozamisha watu.

Pili, ndipo akauliza moja kwa moja, na akawauliza watu wa namna mbalimbali: wazee wa Tireli, wataalamu wa matambiko, na pia watu wa Sanga waliokuwa karibu na Griaule, wakiwemo waliokuwa watoa taarifa wake. Hapa jambo la nyota linaonyesha kazi ilivyokuwa. Griaule aliandika jina la nyota inayohusishwa na Sigui, sherehe kubwa ya Wadogon inayorudi kila baada ya miaka 60. Van Beek aliwaomba waliosema wanaijua waionyeshe. Hawakukubaliana. Kwa baadhi ilikuwa nyota isiyoonekana, inayotakiwa kuchomoza tu ili kutangaza sherehe. Kwa wengine ilikuwa Zuhura, ile nyota ing'aayo alfajiri. Jambo moja tu waliafikiana: habari za nyota hiyo walizisikia kutoka kwa Griaule.

Yafaa kusimama hapo kidogo. Mtafiti wa pili angeweza kabisa kuuliza swali la kivivu zaidi, yaani, je, ninyi mna habari za nyota ya Sigui? Angejibiwa ndiyo, akaandika kwamba matokeo ya Griaule yamethibitishwa na jamii. Kilichofichua ukweli ni maswali mawili madogo yaliyofuata: nionyeshe, na ulisikia kwa nani.

Van Beek hakumwita Griaule mwongo, wala Wadogon waongo. Maelezo yake yana huruma zaidi ya hapo. Upande mmoja yupo mtafiti mwenye haraka, mwenye nadharia anayoipenda, anayeamini kwamba nyuma ya kila jibu kuna jibu jingine lililofichwa, na ambaye haachi kuuliza. Upande wa pili wapo watu wachache werevu, wengine wakilipwa kwa siku walizokaa naye, katika utamaduni unaoona ni utovu wa adabu kumpinga mgeni mkubwa hadharani. Mtafiti akirusha wazo, wao hulidaka, hulitafutia mahali katika mambo wanayoyajua, hulipamba na kumrudishia. Yeye akilisikia tena kinywani mwao huona kwamba limethibitishwa. Raundi chache za namna hiyo hujenga kitu ambacho si cha Ulaya wala si cha Wadogon, kitu kilichozaliwa kwenye ua ule, baina ya watu wale, na mkalimani katikati.

Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana jinsi hili linavyotokea. Mgeni akiuliza njia na mwenyeji hana hakika, si kila mara atasema sijui. Na mzee akisomewa jambo mbele ya mwenyekiti wa kijiji na vijana waliokusanyika, hatasimama kumwambia mgeni kwamba amekosea ukurasa mzima. Atasema, tumekusikia, umefanya kazi nzuri. Mwenye masikio ya mahali hapo atajua kwamba hilo si jibu la swali lililoulizwa.

Haki inataka van Beek naye aulizwe maswali yaleyale, na aliulizwa. Jarida lilichapisha maoni ya wanaanthropolojia wengine pamoja na makala yake. Binti wa Griaule, Geneviève Calame-Griaule, aliyekuwa mtaalamu wa lugha ya Wadogon kwa haki yake mwenyewe, alimjibu kwa ukali mwaka huohuo. Hoja za upande wake zina uzito. Tireli si Sanga, na vijiji vya majabali yale hutofautiana sana hata kwa lugha. Miaka 40 na zaidi ilikuwa imepita, wazee wa wakati ule wamekufa, Uislamu umeenea, na maarifa ya wachache yanaweza kupotea katika kizazi kimoja. Tena, kama watu walikuwa na adabu ya kumkubalia Griaule, kwa nini wasiwe na adabu ya kumkubalia van Beek, mgeni aliyeonekana wazi kwamba anataka kusikia hapana?

Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito, na van Beek hawezi kuiondoa kabisa. Anachoweza kuonyesha ni kwamba hakutegemea hapana zao peke yake. Alikuwa na kimya cha miaka mingi cha watu waliokuwa wakitambika bila kuijua kamera yake, na alikuwa na hitilafu za majibu ambazo hakuna adabu inayoweza kuzipanga. Watu wanaotaka kumpendeza mgeni huelekea jibu moja. Hawa walionyesha nyota tofauti.

Tuliteremshe sasa hili kwenye semina ya kawaida, ambako hakuna nyota wala viumbe pacha. Tuseme mtafiti amewasilisha kazi kuhusu wakulima wa mwani katika kijiji cha pwani ya Unguja, na moja ya matokeo yake ni kwamba fedha za mwani huamuliwa na mwanamke mwenyewe, mume haingilii. Msikilizaji makini aanzie wapi?

Aanze na njia aliyopitia kuingia. Mtafiti wa nchi hii huja na kibali, barua hushuka kutoka mkoani hadi wilayani, na mwisho hufikishwa kwa kiongozi wa shehia au wa kijiji, ambaye huwachagua watu wa kwanza wa kuzungumza naye. Watu hao si wabaya, lakini mara nyingi ndio wale wanaoketi vizuri na uongozi, na huenda ndio waliokwisha kuhojiwa na miradi mingine. Kama wiki za mwanzo mtafiti alidhaniwa kuwa mtu wa mradi wa mikopo ya wanawake, basi kauli ya kwamba mwanamke huamua fedha zake ni kauli ambayo mwombaji yeyote wa mkopo angeitoa. Swali la nafasi, likiulizwa kwa vitendo, ni hili: watu walidhani umekuja kufanya nini, na ulijuaje walipoacha kudhani hivyo? Mtafiti aliyeishi uwandani kweli atakuwa na jibu lenye siku na tukio. Atasema walianza kumtuma dukani, au waliacha kunyamaza alipokaribia, au mama mmoja alimuuliza waziwazi kama atawaletea kamba za kufungia mbegu, naye akajibu hapana, na baada ya hapo baadhi hawakumpokea tena. Jibu la mwisho ndilo bora, kwa sababu linaonyesha gharama.

Kisha msikilizaji aombe kuona tofauti kati ya kilichoonekana, kilichosemwa na kilichofikiriwa. Katika daftari zuri la uwandani mambo haya matatu hayakai mstari mmoja. Kuonekana: siku mnunuzi alipokuja na mzani, ni mkono wa nani ulipokea fedha, na jioni ile zilitumika kwa nini. Kusemwa: mama alimwambia mtafiti, wakiwa peke yao ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kwamba fedha ni zake. Kufikiriwa: mtafiti akahitimisha kwamba mume haingilii. Mtafiti anayewasilisha hitimisho bila mistari miwili ya juu anawanyima wasikilizaji mahali pa kumkosoa.

Halafu ndipo liulizwe suala la kuwarudia watu. Kuwasomea kila kitu kwenye mkutano wa hadhara ni heshima kwa jamii na kunapaswa kufanyika, lakini kama kipimo cha ukweli ni dhaifu. Kipimo kizuri humrahisishia mtu kukataa. Mtafiti anaweza kusimulia mambo mawili yanayopingana, kwamba wapo waliomwambia fedha ni za mke na wapo waliomwambia huwekwa pamoja, akaomba kueleweshwa. Hapo msikilizaji hampingi mgeni, anamsaidia. Anaweza kuzungumza na watu ambao matokeo yake hayawapendezi: waume, wajane, wasichana ambao hawajaolewa, mnunuzi mwenyewe. Anaweza kuuliza kuhusu mara ya mwisho badala ya kuuliza kuhusu desturi, kwa kuwa desturi ni ya kupendeza masikioni, lakini fedha za juzi zilikwenda mahali fulani. Tena mtu mwingine, mwenye nafasi tofauti kabisa na yake, anaweza kuuliza hayohayo asipokuwepo. Kama katika yote hayo hakuna hata mtu mmoja aliyemkosoa, mtafiti asifurahi. Uhakiki ambao haukubadilisha mstari wowote wa rasimu kwa kawaida haukufanyika, au ulifanywa kwa watu wasioweza kusema hapana.

Kuna jambo jingine ambalo maswali ya ukumbini huligusa mara chache, nalo ni kwamba jamii inaweza kukataa kazi bila kudai kuwa ni ya uongo. Mmarekani Nancy Scheper-Hughes alifanya utafiti katikati ya miaka ya 1970 katika kijiji cha magharibi mwa Ayalandi, akiangalia upweke, ndoa zilizochelewa na maradhi ya akili miongoni mwa wanaume wa mashambani. Alikipa kijiji jina la bandia. Kitabu kilitoka mwaka 1979, kikapongezwa na wasomi, na haikuchukua muda mwandishi wa habari akatambua kijiji chenyewe ni kipi. Wanakijiji walisoma, wakajitambua na kuwatambua jirani zao katika kurasa zile. Aliporudi mwaka 1999 hali ilichafuka kiasi kwamba alitakiwa kuondoka. Malalamiko makubwa hayakuwa kwamba alisema uongo. Yalikuwa kwamba aliandika udhaifu wao na kuacha mazuri waliyomtendea, na kwamba siri alizoambiwa kama jirani zilitoka zikiwa maandishi. Nafasi mbili alizokuwa nazo, ya jirani na ya mwandishi, zilikuwa zimegongana tangu siku ya kwanza, ila watu walikuwa wakiiona moja tu. Yeye mwenyewe baadaye aliandika kwa uwazi kuhusu mgogoro huo, na toleo jipya la kitabu chake likabeba maelezo hayo.

Karibu na nyumbani kuna mfano wa njia ndefu zaidi. Mwingereza Pat Caplan alifika kaskazini mwa kisiwa cha Mafia mwaka 1965 akiwa bado mwanafunzi. Alirudi tena miaka ya 1970, ya 1980, ya 1990 na hata baadaye, kijiji kilekile. Binti wa mwaka 1965 alirudi akiwa mke na mama, na ameeleza katika maandishi yake jinsi mabadiliko ya maisha yake yalivyobadilisha alichoweza kukiona kuhusu wanawake na wanaume wa kijiji hicho. Kitabu chake cha mwaka 1997 kimejengwa juu ya sauti za mwanakijiji mmoja aliyepewa jina la bandia, Mohammed, pamoja na mkewe na binti yake. Mohammed aliandika shajara kwa Kiswahili, kwa mkono wake. Jambo hilo haliondoi nafasi ya mtafiti, maana ni yeye aliyeomba shajara, akachagua kurasa na kutafsiri. Lakini linampa msomaji kitu ambacho Ogotemmêli hakupewa: maneno ya mwenyewe kabla hayajapita kwa mkalimani. Na kurudi tena na tena kuna faida ambayo hakuna fomu ya ridhaa inayoweza kuileta. Watu walioona kwamba mgeni anarudi hujua kwamba alichokiandika vibaya kina siku ya kuulizwa.

Huko Sanga, nyakati za amani, watalii walikuwa wakifika kwa wingi kutazama majabali na ngoma za vinyago, wengi wao wakiwa wamesoma vitabu vya Griaule au vile vya viumbe wa angani. Walitaka kusikia habari za Nommo na za nyota. Vijana wanaowaongoza wageni nao wamevisoma, na huwasimulia wateja wao walichokuja kukitafuta. Kwa hiyo mtafiti akienda leo na kuuliza kama Wadogon wana habari za mwenza wa Sirius, atajibiwa ndiyo na watu waadilifu, wazaliwa wa hapo, kwa lugha yao wenyewe. Ndiyo maana kabla ya kuandika jibu lolote analazimika kumuuliza kila mmoja wao alilisikia wapi, lini, na kutoka kwa nani, kisha aende akamuulize huyo aliyetajwa.